Gari la chuo cha udereva: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu pedali za mwalimu, klachi na wepesi wa kuendesha

Maswali haya huulizwa na watu wanaofungua chuo cha udereva au wanaoongeza gari katika chuo walicho nacho. Majibu yanahusu gari dogo la kufundishia, lenye usukani kulia na gia za mkono, ambalo kwa Tanzania na Kenya mara nyingi hununuliwa likiwa limekwisha kutumika Japani. Ninaandika nikiwa msimamizi wa magari ya chuo, na mengi ya ninayoyasema nimeyaona nikiwa nimelala chali chini ya dashibodi na tochi mkononi.

Nina gari la familia lililo katika hali nzuri. Kwa nini nisilitumie hilo?

Unaweza kulitumia, lakini usilipime kwa kilomita. Kinachomaliza gari la chuo ni idadi ya mara linapoondoka kutoka kusimama, kwa sababu klachi huliwa wakati ule mfupi inaposhika huku ikiteleza, na ikishashika kabisa haipotezi karibu chochote hata ukienda nalo safari ndefu.

Tufanye hesabu ya kukadiria. Mtu anayekwenda kazini na kurudi katika foleni za mjini anaweza kuondoa gari mara 60 kwa siku, siku sita kwa wiki, yaani mara 18,720 kwa mwaka. Sasa chukua gari la chuo lenye vipindi vinane kwa siku, na kila kipindi mwanafunzi aondoe gari mara 40, ambayo si nyingi kwa anayejifunza kwenye uwanja. Hiyo ni mara 320 kwa siku, na kwa siku sita za wiki inafika mara 99,840 kwa mwaka. Ni zaidi ya mara tano ya gari la kwanza, na hapo bado hatujasema kwamba mwanafunzi huiachia klachi polepole kupita kiasi na kupiga resi kwa hofu ya gari kuzimika. Kwa hiyo klachi ambayo kwa dereva mzoefu ingevuka kilomita 100,000 inaweza kwisha katika gari la chuo kabla ya mita kuonyesha safari ya kutisha mtu yeyote. Ukiliona jambo hili tangu mwanzo, utachagua gari kwa vigezo tofauti kabisa na vya gari la nyumbani.

Pedali za mwalimu hufanya kazi vipi, na nichague za fimbo au za waya?

Mwanafunzi hukaa kulia, mwalimu kushoto. Chini ya dashibodi, upande wa mwalimu, hufungwa pedali mbili, klachi kushoto na breki kulia, nazo huunganishwa na pedali za mwanafunzi kwa fimbo za chuma zinazozunguka ndani ya vishikizo, au kwa waya ulio ndani ya ala kama ule wa breki za baiskeli. Hazina mfumo wao wa breki wala wa klachi. Kazi yao yote ni kuivuta pedali ya mwanafunzi ishuke.

Tofauti inayohisiwa na mwalimu ni hii: waya unaweza kuvuta lakini hauwezi kusukuma, kwa hiyo mwanafunzi akikanyaga klachi, waya hulegea na pedali ya mwalimu hubaki palepale. Katika fimbo iliyofungwa moja kwa moja, pedali zote mbili huenda pamoja, na mwalimu huuhisi mguu wa mwanafunzi kupitia wayo wake mwenyewe. Walimu wengi wa zamani hupenda fimbo kwa sababu hiyo. Mimi pia naipendelea, ila kwa sababu nyingine: fundi yeyote makini anaweza kuiona yote kwa macho na kuikaza, ilhali waya huchakaa ndani ya ala yake, nyuzi moja baada ya nyingine, na hauonyeshi dalili mpaka umekaribia kukatika. Ukichagua waya, ubadilishe kwa ratiba na usisubiri dalili.

Kabla ya kununua gari lolote, inama uangalie mahali pa kufunga. Magari mengi yana feni ya kipupwe upande wa abiria, na mengine yana konsoli kubwa katikati inayoziba njia ya fimbo. Gari lenye sakafu tupu na dashibodi ya kawaida hukubali pedali bila kukatwa chochote, na fimbo yake huwa fupi na iliyonyooka, kwa hiyo haijipindi mwalimu anapokanyaga kwa nguvu. Fimbo iliyopindishwa mara tatu ili ikwepe feni hupoteza nguvu katika kila kona.

Nitajuaje kama pedali zimefungwa sawasawa?

Hili ndilo swali ninalotamani liulizwe mapema zaidi, kwa sababu pedali zilizofungwa vibaya hula klachi kimyakimya.

Gari letu la pili lilifungwa pedali na fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa na kazi nzuri kwa nje, chuma kimenyooka na rangi nyeusi inang'aa. Baada ya miezi minne klachi ilianza kuteleza, tukabadilisha. Baada ya miezi mitano tena, ikateleza. Tuliwalaumu wanafunzi, kisha tukamlaumu mwalimu, na wote walikuwa hawana kosa. Siku moja nikaingiza kichwa chini ya dashibodi nikaona kwamba pedali ya klachi ya mwanafunzi, ikiwa haijaguswa na mtu, ilikuwa haijarudi hadi kwenye kizuizi chake cha juu. Ulibaki mwanya wa unene wa kidole kimoja. Uzito wa fimbo na wa pedali ya mwalimu ulikuwa umeivuta chini, na hapakuwa na springi ya kuirudisha. Klachi ilikuwa inakanyagwa kidogo saa zote, beringi yake inazunguka bila kupumzika, na preshapleti, sahani inayoibana pleti ya klachi, haibani kwa nguvu yake yote.

Tiba ilikuwa rahisi. Fundi mwingine aliweka springi ya kurudisha kwenye fimbo, kisha akalibadilisha tundu la duara pale fimbo inapoungana na pedali kuwa tundu refu, ili fimbo iwe na nafasi ya kucheza kidogo kabla ya kuanza kuvuta. Tangu hapo pedali ya mwanafunzi hurudi juu yenyewe bila kujali iliko ile ya mwalimu.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi, fanya majaribio haya kwa mpangilio. Kwanza, injini ikiwa imezimwa, ikanyage kila pedali ya mwalimu na kuiachia, kisha ingiza mkono uhakikishe ya mwanafunzi imegusa kizuizi chake cha juu. Pili, mtu asimame nyuma ya gari na kutazama taa za breki. Zinatakiwa kuwaka mwalimu anapokanyaga na kuzimika mara anapoachia. Zikibaki zinawaka, fimbo inaishikilia breki, na baada ya mwendo mfupi utaikuta rimu ina moto. Tatu, washa injini, kanyaga klachi ya mwalimu peke yake hadi mwisho, subiri kidogo, kisha ingiza gia ya rivasi. Ikiingia kimya, klachi imekata kabisa. Ikikwaruza, na kwa pedali ya mwanafunzi haikwaruzi, pedali ya mwalimu haifiki chini inavyopaswa.

Jaribio la nne ni la nguvu. Zima injini na kanyaga breki ya mwanafunzi mara kadhaa mpaka iwe ngumu, maana nguvu ya ziada inayosaidia breki imekwisha. Sasa kanyaga ya mwalimu kwa uzito wako wote huku mwenzako akimulika fimbo kwa tochi. Hali hii si ya kufikirika: ndiyo inayompata mwalimu gari linapozimika mlimani na mwanafunzi ametoa miguu yote. Fimbo ikijipinda, au vishikizo vikisogea kwenye bati, kazi hiyo irudiwe.

Jambo moja zaidi, nalo ni la usalama. Usikubali fundi achomelee kitu kwenye mkono wa pedali ya breki ya asili. Joto la kuchomelea linaweza kubadilisha ugumu wa chuma na kuyeyusha bushi za plastiki zilizo kwenye ekseli ya pedali. Kibanio cha bolti mbili chenye nati za kujifunga kinashika vizuri, na siku ya kuliuza gari kinatoka bila kuacha kovu.

Je, mwalimu awekewe na pedali ya mafuta?

Kwa gari dogo, hapana. Mwalimu anahitaji kusimamisha na kukata mwendo. Pedali ya tatu huleta hatari ya mguu kukosea pale pa haraka.

Ni gari la namna gani ambalo klachi yake inavumilia wanafunzi?

Adui wa klachi ni joto, na joto hilo lina kanuni inayofaa kujulikana na kila mwenye chuo. Kwenye barabara tambarare, ukiiachia klachi huku injini ikiwa kwenye resi 3,000 badala ya 1,500, joto linaloingia kwenye pleti haliongezeki mara mbili, linaongezeka mara nne. Kwa hiyo gari linalomruhusu mwanafunzi kuondoka kwa resi ndogo bila kuzimika linaokoa klachi kuliko aina yoyote ya pleti utakayonunua.

Gari la namna hiyo huwa jepesi, kama tani moja hivi, na gia yake ya kwanza ni fupi. Unaweza kuipima bila kifaa: kwenye sehemu tambarare, weka gia ya kwanza, usiguse mafuta, achia klachi taratibu mpaka mwisho. Gari litembee lenyewe kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, bila kutetemeka na bila kuzimika. Gari linaloshindwa jaribio hili mikononi mwako litamshinda zaidi mwanafunzi, naye atajifunza kupiga resi kabla hajajifunza kitu kingine. Hakikisha tu kwamba silensa, yaani resi ya injini bila kuguswa mafuta, haijapandishwa na muuzaji kwa ajili ya kukuridhisha.

Angalia pia flaiwili, gurudumu zito la injini ambalo pleti ya klachi hubanwa juu yake. Magari mengi madogo ya petroli ya Kijapani yana flaiwili ya kipande kimoja cha chuma, inayoweza kuchongwa fundi anapobadilisha klachi. Magari mengi ya kisasa ya dizeli, hasa ya Ulaya, yana flaiwili ya vipande viwili vyenye springi katikati kwa ajili ya kupunguza mtikisiko. Kuzimika kwa gari na kurukaruka kwa wanafunzi huzichosha springi hizo, na bei ya flaiwili hiyo moja inaweza kupita bei ya seti nzima ya klachi ya gari dogo. Dizeli ina sifa ya kutozimika kirahisi, jambo ambalo ni jema kwa kufundishia, lakini kwa chuo kidogo sikushauri uibebe gharama hiyo.

Mwisho, tazama klachi inavyoendeshwa. Ya waya huhitaji kurekebishwa kadiri pleti inavyopungua, na asiyeirekebisha huiua. Ya mafuta hujirekebisha yenyewe, lakini silinda zake huvuja. Silinda ya chini ikiwa nje ya giaboksi, kuibadilisha ni kazi ya saa moja au mbili. Ikiwa ndani, imezunguka shafti, giaboksi lazima lishuke kwa ajili ya mpira mdogo. Muulize fundi kabla ya kununua.

Ninunue aina gani hasa?

Kwa miaka mingi jibu langu limekuwa Toyota Probox ya gia za mkono, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002. Ina sakafu tupu, vioo vikubwa, boneti inayoonekana, na vipuri vyake vinapatikana Gerezani, Dar es Salaam, kama vinavyopatikana Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Lakini Probox ilipobadilishwa mwaka 2014 gia za mkono ziliachwa, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka minane. Maana yake ni kwamba mwenye chuo wa Nairobi leo hawezi kuiagiza Japani ikiwa na gia za mkono. Anapaswa kuitafuta kati ya zile zilizokwisha kuingia nchini. Tanzania bado inaruhusu gari la zamani, ila kodi yake hupanda kwa ajili ya umri, kwa hiyo piga hesabu ya kodi kabla ya kufurahia bei ya mtandaoni.

Anayeweza kununua gari jipya aangalie Toyota Starlet ya sasa, inayoundwa India na Suzuki na kuuzwa Afrika tangu mwaka 2020, maana inapatikana ikiwa na gia tano za mkono. Bei yake ni kubwa, lakini unaanza na klachi ambayo historia yake unaijua.

Nikienda kuangalia gari lililotumika, nipimeje klachi?

Fika gari likiwa baridi. Sikiliza injini ikiwa inanguruma bila gia. Kama kuna mlio unaotokea unapokanyaga klachi, beringi ya klachi imechoka. Kama mlio upo ukiwa umeachia na unatoweka unapokanyaga, tatizo liko ndani ya giaboksi, na hilo ni ghali zaidi.

Kisha vuta handbreki, kanyaga breki, weka gia ya tatu, achia klachi kwa utaratibu wa kawaida. Injini inatakiwa kuzimika papo hapo. Ikiendelea kuzunguka, pleti inateleza. Fanya jaribio hili mara moja tu, kwa sababu lenyewe linachoma. Barabarani, ukiwa kwenye gia ya nne kwa mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa, kanyaga mafuta kwa nguvu: resi ikipanda huku mwendo umebaki palepale, klachi imekwisha. Gari likitetemeka linapoondoka, huenda pleti ina mafuta kutoka kwenye sili inayovuja, au flaiwili imeungua, au mipira ya injini imelegea. Usilikatae gari kwa hilo peke yake, ila bei ishuke kwa kiasi cha seti mpya na ufundi wake.

Wepesi wa kuendesha niuangalie kwa kigezo gani?

Kaa kwenye kiti cha mwanafunzi, kisha mkalishe mtu mfupi kuliko wote unaowafahamu. Aikanyage klachi hadi chini bila kusogeza kiuno mbele. Asipoweza, klachi yake kamwe haitakata kikamilifu, atakwaruza gia, na hata gari zuri litaonekana bovu. Kiti kinachopanda na kushuka ni sifa kubwa kuliko redio ya skrini.

Mahali klachi inapoanza kushika pawe karibu na katikati ya safari ya pedali. Ikishika juu kabisa, mguu wa mwanafunzi hukosa pa kujituliza. Goti linakuwa limejikunja na wayo hauna kisigino chini. Mkono wa gia uingie kila gia bila kutafutwa, hasa ya tatu kutoka ya pili, kwa kuwa hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea na kurudi ya kwanza.

Handbreki iwe ya mkono, katikati ya viti. Hiyo ni breki ya pili ya mwalimu, na ndiyo inayotumika kufundisha kuondoka mlimani bila kulishikilia gari kwa klachi. Handbreki ya kitufe, na ile inayojishika yenyewe mlimani, humficha mwanafunzi somo ambalo atalihitaji atakapoendesha gari jingine.

Vipi kuhusu gari la otomatiki?

Linafaa kuwa gari la pili. Nchini Kenya daraja B1 la leseni ni la magari mepesi ya otomatiki, kwa hiyo wateja wake wapo, na hapo pedali ya mwalimu inayohitajika ni breki peke yake. Usilifanye gari la kwanza la chuo, maana mwanafunzi anayetaka gia za mkono utamkosa.

Klachi ikiisha, nibadilishe pleti tu?

Badilisha pleti, preshapleti na beringi kwa pamoja, na flaiwili ichongwe ikiwa ina madoa ya buluu au nyufa ndogo. Gharama kubwa ya kazi hii ni kushusha giaboksi, nayo ni ileile hata ukibadilisha kitu kimoja. Seti ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lililokatwa inaweza kufaa gari la nyumbani. Kwa gari la chuo utaishusha giaboksi tena kabla ya mwaka.

Kila asubuhi tukague nini?

Mwalimu aingize mkono kwenye pedali mbili za mwanafunzi ahakikishe zimerudi juu, aguse nati za vibanio, aondoe zulia lolote linaloweza kuteleza chini ya pedali, na mwenzake atazame taa za breki nyuma. Kisha aandike kwenye daftari la gari tarehe, kilomita, na kama klachi inashika mahali palepale iliposhika jana. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo hutangulia kutoa habari: katika klachi nyingi za waya, pleti inapopungua, mahali pa kushika husogea juu kidogo kidogo kwa wiki kadhaa kabla ya kuteleza kwa mara ya kwanza, na huo ndio muda wa kuagiza seti mpya wakati gari bado liko kazini.